Alama Ndogo Katika Mkataba wa Miti

Msomaji wetu mmoja wa Kichiwa, mkoani Njombe, ametuletea barua yenye swali ambalo hatukupata kuulizwa. Shangazi yake ni mjane, naye ana ekari 3 za misindano, ile miti ambayo wengi huiita mipaini, iliyopandwa na marehemu mumewe. Miti imekomaa. Amekuja mnunuzi wa mbao, wamepatana bei, na mnunuzi ameleta mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Siku ya kukutana mkataba ulisomwa kwa sauti mbele ya wazee, kijana mmoja akawa mkalimani, na watu wote wakaitika kwamba wamesikia. Kilichobaki ni kutia sahihi.

Usiku ule mwandishi wa barua alikaa na karatasi karibu na taa. Yeye si mjuzi wa Kiingereza, lakini macho yake ni mazuri. Akaona kwamba neno moja limeandikwa kwa sura tatu. Mahali pa kwanza ni parties. Katika kifungu cha 6 ni party's. Katika kifungu cha 9 ni parties', na alama iko mwisho kabisa. Anatuuliza: "Je, haya ni maneno matatu, au ni neno moja ambalo karani amelikosea? Maana yule kijana aliposoma, yote matatu nilisikia ni sauti moja tu."

Ndugu yetu, masikio yako hayakukudanganya. Sauti ni moja. Mwingereza mwenyewe akiyatamka maneno hayo matatu husema "patiz", "patiz" na "patiz", na anayesikia hana njia ya kuyatenganisha. Tofauti yote iko kwenye karatasi, nayo si kosa la karani peke yake. Kila sura ina maana yake, na katika mkataba wa shangazi yako maana hizo zaweza kumpa mtu shamba mwaka mzima au kumnyima.

Tuanze na neno lenyewe. Katika mikataba, party ni mhusika, yaani yule anayeingia katika mapatano. Wengine hutafsiri "upande". Muuzaji ni mhusika mmoja, mnunuzi ni mhusika mwingine. Wakiwa zaidi ya mmoja Mwingereza huandika parties, yaani wahusika, au pande. Hapo hakuna alama yoyote. Ni wingi tu.

Ile alama ndogo inayoning'inia juu, kwa Kiswahili huitwa ritifaa, nanyi mnaijua tangu darasa la kwanza, kwani ndiyo iliyomo katika neno ng'ombe. Lakini kwetu kazi yake ni kugeuza sauti. Ukiiondoa katika ng'ombe, msomaji atatamka neno jingine. Kwa Mwingereza, katika maneno haya, haigeuzi sauti hata kidogo. Kazi yake ni kumtaja mwenye mali. Inafanya kazi ile ambayo sisi huifanya kwa "ya", "wa", "la" na "cha". Sisi twasema "ridhaa ya mhusika": neno "ya" linasimama peke yake katikati, na hata kipofu analisikia. Yeye huibandika mali hiyo kwenye mkia wa neno.

Na mahali alama inaposimama ndipo panapoonyesha kama mwenye mali ni mmoja au ni wengi. Katika party's alama iko kabla ya s: mwenye mali ni mhusika mmoja. Katika parties' alama iko baada ya s: wenye mali ni wahusika wote. Sisi twaonyesha hayo mwanzoni mwa neno, m- au wa-, u- au p-; wao huonyesha mwishoni. Kwa hiyo Kiswahili kikisomwa kwa sauti hakifichi jambo hili, bali Kiingereza kikisomwa kwa sauti hulificha kabisa.

Sasa tuchukue neno moja lililomo katika karatasi zenu, nalo ni consent. Nimelichagua kwa sababu lina hila ya pekee. Laweza kuwa jina, yaani "ridhaa", na laweza kuwa kitendo, yaani "kuridhia". Tazameni yanavyokuwa:

the party's consent: ridhaa ya mhusika mmoja.
the parties' consent: ridhaa ya wahusika wote.
the parties consent: wahusika wanaridhia.

Yasomeni kwa sauti yote matatu, ni kitu kimoja. Yatazameni kwa macho, ni mambo matatu. La kwanza linadai mtu mmoja akubali. La pili linadai wote wakubali. La tatu halidai mtu yeyote akubali baadaye, kwa maana linasema wamekwisha kukubali, leo, hapa, kwa kutia sahihi.

Twende sasa kwenye kifungu cha 6 cha shangazi. Kinasema kwamba mnunuzi atakata na kuondoa miti yote katika muda wa miaka miwili. Kisha kinasema kwamba mnunuzi akihitaji muda zaidi, muda utaongezwa mwaka mmoja kwa the party's consent. Mwandishi wetu anasema kwamba mkalimani alitafsiri hivi: "Muda utaongezwa mkikubaliana ninyi wawili." Shangazi akaitika, akiwa amekwisha kupanga kwamba mwaka wa tatu atang'oa visiki katika ekari moja na kupanda viazi mviringo, ili apate karo ya mtoto wake wa mwisho.

Lakini karatasi haikusema ninyi wawili. Imesema mhusika, mmoja. Ni yupi? Hapo ndipo penye shida. Mhusika aliyetajwa karibu zaidi katika sentensi ile ni mnunuzi. Basi mnunuzi aweza kusema: "Ni ridhaa yangu, nami nimeridhia. Miti itabaki imesimama mwaka mwingine." Shangazi naye aweza kusema: "Haiwezekani mtu aombe muda, kisha ajiridhie mwenyewe. Mhusika anayetajwa ni yule anayeombwa, ndiye mimi." Kwa maoni yetu shangazi ana hoja nzuri, maana kutaka ridhaa ya mtu anayeomba ni jambo lisilo na kazi. Lakini hoja nzuri ya kupeleka barazani si sawa na neno lililo wazi. Wakati wakibishana, ekari 3 zimefunikwa na miti, na msimu wa viazi unapita.

Kama ingeandikwa the parties' consent, mabishano hayo yasingekuwapo. Mnunuzi angekuja, angeomba, na shangazi angesema ndiyo au la. Na kama ingeandikwa kwamba the parties consent kuongeza mwaka mmoja, shangazi angekuwa amekwisha kutoa mwaka wa tatu siku ile ya kutia sahihi, bila kuombwa tena na bila malipo mengine. Hivyo alama moja na herufi mbili zatenganisha mwanamke anayeombwa, mwanamke anayebishana, na mwanamke aliyekwisha kutoa.

Msidhani ni sisi tu wa vijijini tunaopata mashaka na alama hii. Mwaka 2021, katika jimbo la New South Wales kule Australia, shauri la kashfa lilifika mahakamani kati ya watu wawili wa biashara ya nyumba. Mmoja alikuwa ameandika hadharani kwamba mwenzake hawezi kulipa michango ya uzeeni ya watumishi wake, naye hakuweka ile alama kwenye neno la watumishi. Alijitetea kwamba alikusudia mtumishi mmoja. Hakimu alikataa kulifuta shauri lile kama jambo dogo lisilostahili kusikilizwa. Kwa wingi neno lile laweza kufahamika kuwa mtu huyo ana desturi ya kuwanyima watumishi wake wote, na hilo si sawa na kumkosea mmoja. Haukuwa mkataba, lakini swali lilikuwa ni hili letu: ni mmoja au ni wengi?

Basi mtu asiyejua Kiingereza afanyeje? Zipo hatua tatu, na kila moja ni ya macho tu.

Kwanza, tazameni herufi iliyo kabla ya mkia wa neno. Ikiwa ni y, mhusika ni mmoja. Ikiwa ni ie, wahusika ni wengi. Hatua hii ndiyo ya kuanzia, kwa sababu herufi haipotei upesi, bali alama hupotea. Karatasi iliyotolewa nakala mara tatu hufifia, alama ikawa kama uchafu wa inzi, au uchafu wa inzi ukawa kama alama. Tena wapo wanaoandika kwa simu bila kuweka alama. Lakini hata alama ikipotea, party's itabaki partys, nayo bado inaonyesha mmoja.

Pili, tazameni alama yenyewe. Ikiwa ni y, kisha alama, kisha s, ni mali ya mmoja. Ikiwa ni ies kisha alama, ni mali ya wote. Ikiwa ni ies bila alama, huenda ni wingi tu, na huenda alama imepotea. Hapo hamwezi kukata neno mpaka hatua ya tatu.

Tatu, ulizeni neno linalofuata ni kitu au ni kitendo. Kama ni kitu, kwa mfano haki, gharama, sahihi au ridhaa, basi ni lazima awepo mwenye kitu, na alama ilitakiwa kuwapo. Kama ni kitendo, kwa mfano wahusika wanapatana, wanauza, wanalipa, basi alama haitakiwi. Hatua hii yataka mtu mwenye kujua Kiingereza kidogo, au kamusi. Mwanafunzi wa sekondari aweza kuifanya. Mwagizeni, lakini mpeni karatasi ashike mkononi, asisikilize tu. Yule kijana wa Kichiwa hakutafsiri vibaya kwa ujinga. Akiwa anasoma upesi mbele ya watu, alitafsiri sauti aliyojisikia akiitoa, na sauti ile ina maana tatu.

Kuna pia maneno mawili matatu yanayotangulia, nayo ni mashahidi wazuri. Ikitangulia each, yaani kila, au either, yaani mmojawapo, neno linalofuata lazima liwe la mmoja: party au party's. Ikitangulia both, yaani wote wawili, lazima liwe la wengi. Mkikuta both pamoja na party's, shahidi na neno wanapingana, na mmojawapo amekosea. Msijaribu kubahatisha ni yupi. Rudisheni karatasi kwa aliyeiandika.

Tena rudini ukurasa wa kwanza mhesabu wahusika, kwa kuwa wingi huo si wawili siku zote. Kama yupo mdhamini aliyetajwa kuwa mhusika wa tatu, parties' ni ya watatu, na ridhaa ya wawili haitoshi. Kinyume chake, kama shangazi na wanawe wawili wameandikwa pamoja chini ya jina moja la Muuzaji, huenda watu hao watatu wakahesabiwa kuwa mhusika mmoja. Hayo huelezwa mwanzoni mwa mkataba, mahali ambapo wengi huparuka haraka ili wafikie bei.

Lakini alama hii, hata ikiwekwa sawasawa, haijibu kila swali. Tuseme mkataba unasema kwamba barabara ya kutolea magogo itatengenezwa kwa gharama ya wahusika, parties', na alama iko mahali pake. Twajua kwamba wote watalipa. Je, nusu kwa nusu? Au kila mmoja kadiri anavyotumia barabara? Au anayedaiwa kwanza alipe yote, kisha amdai mwenzake? Alama haisemi. Na Kiswahili chetu hakijivuni hapa, maana "gharama ya wahusika" inaficha jambo lile lile. Dawa ni kuandika hesabu: mnunuzi atalipa sehemu fulani, muuzaji atalipa sehemu fulani.

Wengine watauliza, je, hakimu hatatazama walivyosemezana? Mahakama kwa kawaida husoma mkataba wote kwa pamoja, haitundiki haki ya mtu kwenye alama moja. Neno likibaki na maana mbili, desturi ya sheria huelekea kulisoma dhidi ya yule aliyeliandika. Hayo yangemfaa shangazi, kwani mkataba aliuandika mnunuzi. Tena Sheria ya Mikataba, iliyotungwa mwaka 1961 na ambayo ni Sura ya 345 ya sheria za Tanzania, yasema kwamba watu huhesabiwa wameridhiana pale wanapokubali jambo moja kwa maana moja. Shangazi alikubali "ninyi wawili", karatasi yasema "mmoja".

Hata hivyo msiegemee hapo. Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 nayo yasema kwamba mapatano yakishaandikwa, karatasi ndiyo shahidi, na kwa kawaida maneno ya mdomo hayapokewi ili kuipinga au kuibadili. Zipo nafasi, kama vile udanganyifu au kosa la kutoelewana, lakini anayezitaka ndiye anayepaswa kuzithibitisha. Mzigo huo ni mzito kwa mama mwenye ekari 3. Kabla ya sahihi, kusahihisha ni kazi ya kalamu na dakika tano. Baada ya sahihi, ni kazi ya mawakili na safari za mjini.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za nchi na ya mahakama. Msomaji aweza kudhani kwamba mkataba wa Kiingereza sasa hauna nguvu. Sivyo. Mabadiliko yale yahusu sheria na mahakama. Watu wawili wanaopatana wenyewe bado waweza kuandika kwa lugha waliyoichagua. Kwa hiyo hakuna anayemlazimisha mnunuzi kuandika Kiswahili. Lakini pia hakuna anayemlazimisha shangazi kutia sahihi Kiingereza.

Sasa jibu letu kwa mwandishi wa barua ni hili. Parties ya mwanzo iko sawa, maana inafuatwa na kitendo: wahusika wanaridhia kuuziana miti. Parties' ya kifungu cha 9 iko sawa, maana yasema kwamba msuluhishi atachaguliwa kwa ridhaa ya wote. Ya kifungu cha 6 ndiyo yenye shaka. Huenda karani alikosea herufi, huenda iliwekwa kwa kusudi. Hatujui, wala si lazima kujua. Mwendeeni mnunuzi kwa upole, mwambieni: "Bwana, siku ile tulisikia kwamba muda utaongezwa tukikubaliana sote. Tunaomba karatasi iseme hivyo." Kama ni kosa la karani atakubali mara moja. Akianza kuzunguka, mmekwisha kupata jibu.

Wala msiridhike na kuhamisha alama tu. Liondoeni neno lenyewe. Aandike: "kwa ridhaa ya Muuzaji na Mnunuzi, iliyoandikwa na kutiwa sahihi na wote wawili." Hapo hakuna y wala ie, na hata likisomwa kwa sauti gizani kila mtu atalisikia. Ikiwa mkataba hauchapwi upya, neno la zamani likatwe kwa mstari mmoja, lisifutwe hata lisisomeke. Neno jipya liandikwe juu yake, na wote wawili waweke sahihi zao fupi pembeni, katika kila nakala. Nakala moja ikiachwa bila sahihisho, hiyo ndiyo itakayotolewa siku ya ugomvi.

Mkiona mnahitaji msaada, wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ulizeni wilayani. Mkienda, chukueni karatasi zote, si kifungu cha 6 peke yake, maana msaidizi atataka kuona ukurasa wa kwanza ili ajue wahusika ni wangapi.

Na yule kijana mkalimani asilaumiwe. Akiitwa tena, akifika kwenye neno lile asimame, alitazame, kisha awaambie wazee: "Hapa limeandikwa la mmoja," au "Hapa limeandikwa la wote." Maneno hayo machache yangemwonya shangazi siku ile ile barazani.